"Umemnunua kwa nani?" Sheria ya Mfalme Afonso wa Kongo kwa wafanyabiashara wa Kireno, 1526

Tarehe 18 Oktoba 1526, mjini Mbanza Kongo, karani Dom João Teixeira aliandika barua ya mfalme wake kwenda kwa João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Ndani yake mna sheria fupi. Mzungu yeyote anayeishi katika ufalme wa Kongo akitaka kununua "bidhaa", kwanza awape taarifa mabwana watatu wa ikulu: Dom Pedro Manipanza, Dom Manuel Manisaba aliyekuwa mkuu wa mabawabu, na Gonçalo Pires aliyesimamia upakiaji wa merikebu. Hao watatu wachunguze kama anayeuzwa ni mateka au ni mwungwana. Wakiridhika kwamba ni mateka, apakiwe na hakuna wa kumzuia. Mzungu akinunua bila kuwapitia, ananyang'anywa alichonunua.

Neno "bidhaa" hapo maana yake ni binadamu. Ndivyo barua za wakati ule zilivyoandikwa, na kwenye hesabu za meli mtu aliitwa "kipande".

Sheria hii haisomwi sana. Inayojulikana zaidi ni barua iliyoitangulia kwa miezi mitatu, ya tarehe 6 Julai 1526, ambamo mfalme huyohuyo anasema kwamba katika nchi yake hataki biashara ya watumwa wala soko la kuwauzia, na kwamba kutoka Ureno anahitaji mapadri tu na watu wachache wa kufundisha shuleni, pamoja na divai na unga wa sakramenti. Anayeisoma barua ya Julai peke yake humwona Afonso kama mtu aliyetaka kuufuta utumwa. Anayesoma ya Oktoba peke yake humwona kama karani wa forodha. Tukiziweka pamoja, na kuziunganisha na barua zake za 1514 na 1540, tunamwona mtawala aliyejua barabara alichokuwa anakitetea: mpaka kati ya mtu anayeweza kuuzwa na mtu asiyeweza kuuzwa. Mpaka huo ulikuwa unabomolewa mchana kweupe, naye alitafuta mahali pa kuweka mlinzi.

Kwanza nchi yenyewe. Baharia Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo, ambao wenyeji waliuita Nzadi, katika safari yake ya 1482 na 1483, akasimamisha nguzo ya jiwe upande wa kusini. Upande huohuo kulikuwa na jimbo la Soyo na bandari ya Mpinda. Mji mkuu ulikuwa mbali bara, juu ya kilima, na leo uko kaskazini mwa Angola. Mtawala aliitwa mwene Kongo. Wareno waliandika "mani", lakini sikio la Kiswahili linalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa mwenye na mwinyi. Kila jimbo lilikuwa na mwene wake: Soyo, Mbamba, Nsundi, Mbata, Mpangu, Mpemba.

Wareno walifika Kongo kwa namna tofauti na walivyofika pwani yetu. Kilwa waliivamia na kuipora mwaka 1505. Kongo waliingia kwa zawadi na mabalozi, maana hawakuwa na askari wa kuishinda nchi ile, na mfalme wake aliwapokea kwa hiari. Nzinga a Nkuwu alibatizwa Mei 1491, akaitwa João. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyekuwa mwene wa Nsundi, alibatizwa kwa jina la Afonso. Baba alipofariki, mwaka 1506 hivi, Afonso alipigana na ndugu yake wa baba mmoja, akamshinda, akasema kwamba Mtakatifu Yakobo alionekana upande wake vitani. Alitawala zaidi ya miaka 30.

Afonso hakuukubali Ukristo ili kumfurahisha mgeni. Aliuchukua, akaupa mahali ndani ya utawala wake. Kasisi mkuu wa dini ya zamani, Mani Vunda, ambaye angeweza kuwa adui mkubwa wa kanisa, alipewa kazi ya kulitunza kanisa na maji ya baraka. Maneno ya Kikongo yaliyokuwepo yalibebeshwa mambo mapya: padri akaitwa nganga, na kitabu cha dini kikaitwa mukanda wenye neno nkisi pembeni yake, neno la vitu vyenye nguvu za kiroho. (Anayezungumza Kiswahili cha Lubumbashi hatahitaji kuelezwa mukanda ni nini. Bado ni barua.) Katika barua ndefu ya 5 Oktoba 1514 Afonso anaeleza shule aliyojenga, ikiwa imezungukwa na ukuta mrefu wenye miiba juu yake ili wanafunzi wasiuruke na kutoroka, na ndani yake vijana na watoto 400. Karani Teixeira alipoketi kuandika barua za 1526, Kongo ilikuwa imekwisha kuwa na watu wake wanaoandika Kireno. Bila watu hao tusingekuwa na kisa hiki.

Sasa tuje kwenye fedha, maana tatizo la 1526 haliwezi kueleweka bila hiyo.

Fedha ya Kongo ilikuwa nzimbu, makombe madogo ya baharini. Jina linafanana na simbi zetu, ila konokono ni wa aina nyingine. Yalivuliwa kisiwani Luanda, kusini, mbali na mji mkuu, na kisiwa kile kilikuwa mali ya mfalme mwenyewe. Wanawake walizama majini na vikapu, wakavijaza mchanga, wakapanda navyo juu, wakachambua makombe kutoka kwenye mchanga, kisha wakatenga makubwa na madogo. Hesabu yake ilikuwa ya vipimo: makombe 1,000 ni funda, 10,000 ni lufuku, 20,000 ni kofo. Anayeshika kisiwa anashika chanzo cha fedha. Mfalme aliwapa nzimbu wakuu wa majimbo, maofisa na wageni wake, na kodi zikarudi mji mkuu.

Vitu vya kigeni vilitumika kwa njia hiyohiyo. Vitambaa na bidhaa nyingine kutoka Ureno vilipaswa kushuka Mpinda, vipelekwe hadi ikulu, kisha vigawiwe kutoka ikulu kwenda kwa wakuu. Aliyetaka nguo ya Ulaya ilibidi awe na uhusiano mzuri na mfalme. Hili Afonso mwenyewe analisema katika barua ya Julai, tena bila kuficha: kwa vitu hivyo tulikuwa tunawaridhisha na kuwaweka chini ya utii wetu. Lakini sasa, anasema, wafanyabiashara wamefungua maduka kila mahali na bidhaa zilizokatazwa wanazisambaza kwa wingi, hata raia waliokuwa wakitutii wanazo kuliko sisi.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza ya mfalme ni kwamba mchuuzi amemruka. Mwene wa jimbo ambaye zamani alingoja kitambaa kutoka Mbanza Kongo sasa anapigiwa hodi nyumbani kwake. Na mchuuzi hataki kulipwa kwa nzimbu, kwa sababu nzimbu haina thamani São Tomé wala Lisbon. Anataka shaba, pembe za ndovu, na juu ya vyote anataka watu.

Kisiwa cha São Tomé ndicho kilichokuwa kikiwavuta. Wareno walikuwa wameanza kukikalia karibu na mwisho wa karne ya 15, wakapanda miwa, na mashamba ya miwa yanakula watu. Kapteni wa kisiwa, Fernão de Melo, ndiye aliyesimama kati ya Kongo na Lisbon: meli zilipita kwake, barua zilipita kwake, zawadi zilipita kwake. Barua ya 1514 kwa sehemu kubwa ni mashtaka juu ya mtu huyo. Afonso alikuwa amempelekea watumwa na bangili za shaba, akitarajia msaada na mapadri, akarudishiwa vitu visivyolingana na alichotoa. Mwaka 1517 aliomba aruhusiwe kununua meli yake mwenyewe. Hakuipata. Mtu asiye na meli, mwenye jirani anayeshika njia ya bahari, hana namna ya kujua nini kimepakiwa baada ya ufuko kuisha.

Hapo ndipo swali la nani anauzwa linapoingia. Kongo ilikuwa na watumwa kabla ya Cão. Mateka wa vita dhidi ya watu wa nje, pamoja na waliohukumiwa kwa makosa makubwa, waliweza kutolewa, kupewa mtu au kuuzwa. Afonso mwenyewe aliuza mateka wa vita vyake na kuwatuma kwa mamia. Lakini mwungwana wa Kongo, mzaliwa wa nchi, mwenye ukoo wake na mwene wake, hakuwa wa kuuzwa nje. Huo ndio mpaka.

Tazama sasa mkuu mdogo wa jimbo mwaka 1526. Anataka kitambaa ambacho mchuuzi amekitandaza mbele yake. Mateka hana, kwa sababu vita vya mpakani huongozwa na mfalme na mateka hugawiwa na mfalme. Kwenda kununua mateka soko la Mpumbu, kule kwenye bwawa la mto, ziwa linaloitwa Malebo hivi leo, kunahitaji nzimbu nyingi na msafara. Kilicho karibu naye ni watu wa jirani, msafiri anayepita, mtoto wa nyumba yenye nguvu ndogo. Barua ya Oktoba inaeleza kwamba watu wetu, kwa tamaa ya vitu vya kwenu, wanawakamata wengi, waungwana na walioachwa huru, na mara nyingi wanawateka hata wana wa mabwana na jamaa zetu wenyewe. Wanawaleta kwa wazungu kwa kificho au usiku ili wasitambulikane.

Usiku ni neno la kuzingatia. Katika nchi ambayo kila mtu anajulikana ni wa nani na wa kijiji gani, ulinzi mkubwa wa mwungwana ni macho ya watu. Akipitishwa mchana, mtu atasema: huyu si mwana wa fulani? Mwuzaji anayekuja usiku anaukwepa ushahidi huo.

Mnunuzi naye anafanya haraka. Barua inasema: mara tu wanapokuwa mikononi mwa wazungu, wanafungwa pingu na kuchomwa alama kwa chuma cha moto. Kwa mnunuzi, alama ile ni hati ya umiliki. Asubuhi mtu aliyekuwa mwungwana jana jioni ana chapa mwilini, na ushahidi pekee unaoonekana kwa macho unampinga.

Kisha safari ya kwenda bandarini. Hapa ndipo walinzi wa mfalme walipokuwa wakisimama kabla ya sheria ya Oktoba, kwenye hatua ya kupakia. Walimkuta mzungu na kundi lake, wakatambua mmoja si wa kuuzwa, wakauliza. Jibu la mzungu, kwa mujibu wa barua, lilikuwa moja: nimemnunua. Wakiuliza umemnunua kwa nani, hawezi kusema. Na mfalme anakiri jambo la aibu kwa mtawala: ni wajibu wetu kutenda haki na kuwarudishia waungwana uhuru wao, lakini hatuwezi ikiwa raia wako wanaona wameonewa, kama wanavyodai. Yaani mlinzi ana haki, swali lake ni sahihi, jibu halipo, na bado mtu anaweza kupanda merikebu, kwa sababu kumnyang'anya Mreno alichokwisha kulipia ni kuleta ugomvi na Lisbon.

Ukiitazama sheria ya Oktoba kwa jicho hilo, ufundi wake unaonekana. Inafanya mambo mawili. Inahamisha ukaguzi kutoka ufukoni, mwisho wa safari, mpaka kabla ya ununuzi, wakati mwuzaji bado yupo, mtu hajachomwa chapa na hajatolewa kwenye eneo anakojulikana. Tena inamtwisha mnunuzi mzigo wa uthibitisho. Zamani mlinzi ndiye aliyepaswa kuonyesha kwamba mtu ni mwungwana. Sasa mzungu asiye na idhini ya wale watatu anapoteza, awe amenunua mateka halali au la. Hana haja ya kuulizwa kwa nani. Kutopita kwa wakaguzi ndilo kosa lenyewe.

Mfalme aliiwekea sheria hiyo maneno ya kumtuliza mwenzake wa Ureno. Anasema anairuhusu biashara kwa heshima yake, akijua kwamba naye ana sehemu katika faida, na kwamba bila hivyo asingekubali. Hapo ndipo barua ya Julai na ya Oktoba zinapokutana. Julai alitangaza anachokitaka. Oktoba aliandika anachoweza.

Basi sheria iliharibikia wapi? Tatizo la kwanza linaonekana ndani ya maneno yake. Wakaguzi ni watatu, na wote ni watu wa ikulu. Kongo ilisambaa kutoka mto mpaka mbali kusini, na wachuuzi walikuwa wamekwisha kuenea majimboni. Mchuuzi aliyeko Nsundi au Mbamba amletee taarifa Manipanza, angoje, kisha aende pwani? Mwenye nia njema angeweza kufanya hivyo. Sheria haikutungwa kwa ajili ya mwenye nia njema.

Pili, inamtaja mnunuzi tu. Mkuu wa Kongo aliyemteka jirani yake usiku hayumo katika adhabu iliyoandikwa kwenye barua. Ninaelewa kwa nini: barua inakwenda kwa mfalme wa Ureno, inahusu raia wake. Lakini nchini kwenyewe ndiko tatizo lilikokuwa zito zaidi. Wauzaji walikuwa mabwana wenye watu na silaha, ambao utii wao ndio huohuo uliokuwa umeanza kulegea kwa sababu ya vitambaa. Kumwadhibu kila mmoja ilihitaji nguvu ambayo biashara ilikuwa inamnyang'anya mfalme.

Tatu, wachuuzi walikuwa na njia nyingine. Wafanyabiashara wa São Tomé walikuwa wakienda kusini moja kwa moja, kwa Ndongo, ambako mtawala wake aliitwa ngola, bila kupitia Mpinda wala kumlipa Afonso. Ujumbe rasmi wa Ureno ulikwisha kutumwa huko mwaka 1520, na Baltasar de Castro, mmoja wa wajumbe, alishikiliwa kule kwa miaka mpaka akafikishwa Kongo mwaka huohuo wa 1526. Kila Afonso alipokaza kamba Mpinda, aliwapa sababu ya kufungua bandari nyingine.

Nne, mapadri. Hili linaumiza kulisoma, kwa sababu Afonso aliwategemea kuwa watu wa kumsaidia kulinda mpaka uleule. Tangu 1514 alikuwa akilalamika kwamba mapadri aliotumiwa waliacha kuishi pamoja kitawa, wakahamia kila mmoja nyumba yake, na nzimbu alizowapa za matumizi wakanunulia watumwa. Waashi waliokuja kujenga kanisa walifanya vivyo hivyo: wakajifanya mabwana, ujenzi ukasimama. Si wote waliokuwa hivyo. Padri Rui de Aguiar aliandika mwaka 1516 kwa mshangao mkubwa kwamba mfalme huyu anasoma vitabu vya dini mpaka usingizi unampitia juu yake, na kwamba anayajua mambo ya Injili kuliko mapadri wenyewe. Lakini kila meli iliyoleta mapadri ilikuwa meli ya biashara, na padri aliyeishi kwa nzimbu za mfalme alikuwa anaishi sokoni.

Dawa aliyoitafuta Afonso ilikuwa kuwa na kanisa lake mwenyewe. Mwanawe Henrique alisomea Ureno, akateuliwa askofu mwaka 1518 kwa jina la jimbo la Utika, akarudi Kongo mwaka 1521. Ndiye askofu wa kwanza kutoka eneo hilo. Kama angeweza kuwapa upadri vijana wa shule ile ya miiba kwa wingi, nchi isingehitaji kungoja meli za São Tomé kwa kila padri. Henrique aliugua mara kwa mara, na alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1530. Kisha mwaka 1534 likaundwa jimbo la askofu wa São Tomé, na Kongo ikawekwa chini yake. Kisiwa kilekile kilichokuwa kinanunua waungwana wa Kongo ndicho kilichopewa mamlaka juu ya kanisa la Kongo. Mwaka huo, kwa maoni yangu, ulikuwa na madhara makubwa kuliko 1526.

Kuna ombi jingine katika barua za 1526 linaloonyesha Afonso alikuwa anapima nini. Anaomba matabibu wawili, watengeneza dawa wawili na mpasuaji mmoja. Anaeleza kwamba magonjwa yanaua watu wengi, na kwamba wanaopona kwa miti shamba na mila za zamani wanairudia imani ya zamani, na wanaokufa wanakufa bila msaada. Watu watano. Hiyo ndiyo orodha ya mtu anayejua anachotaka kutoka kwa mgeni: mwalimu, padri, daktari, divai, unga. Kile ambacho mgeni alitaka kuuza hakimo.

Jibu la Lisbon lilikuja mwaka 1529 hivi. João wa Tatu aliandika kwamba unaniambia hutaki biashara ya watumwa kwa sababu nchi yako inaishiwa watu, lakini Wareno walioko huko wananiambia Kongo ni kubwa na ina watu wengi mno, kana kwamba hajatoka hata mtumwa mmoja. Angalia namna hoja inavyokwepwa. Afonso hakulalamikia idadi tu. Alilalamikia ni akina nani. Anajibiwa kwa wingi wa watu, kana kwamba mwana wa bwana aliyetekwa usiku anafidiwa na jirani yake aliyebaki.

Baada ya hapo Afonso alifuata njia iliyobaki: kuwaelekeza wanunuzi kwenye watu wasio wa Kongo. Soko la Mpumbu, ambako watu kutoka mbali zaidi ya mto waliletwa na Watio, lilikua. Kutokana na jina la soko hilo Wareno walipata neno pombeiro, la kumwita mchuuzi wa bara. Mfalme aliweka barabara wazi na kuyaruhusu masoko. Kufikia 1536 ofisa mmoja wa Kireno aliandika kwamba kati ya "vipande" 4,000 na 5,000 vinapakiwa Mpinda kwa mwaka. Ukaguzi haukuipunguza biashara, na haukutazamiwa kuipunguza. Kazi yake ilikuwa kuchagua, na alipofanikiwa kumwokoa Mkongo, aliyelipa ni mtu wa ng'ambo ya mto ambaye hakuwa na mwene wa kumwandikia barua.

Afonso hakulificha hilo. Desemba 1540, akiwa mzee, alimwandikia João akisema kwamba mtu akiweka pwani yote ya Guinea upande mmoja na Kongo peke yake upande mwingine, ataona Kongo inaleta zaidi, na kwamba hakuna mfalme katika sehemu zote hizo anayezithamini bidhaa za Ureno kama yeye, kwa kuwa ndiye anayeisaidia biashara, anafungua njia na masoko ya Mpumbu. Anayetaka Afonso wa barua ya Julai tu atayachukia maneno hayo. Lakini ni mtu yuleyule, na anajenga hoja ileile kwa upande wa pili: mimi ndiye mlango wenu, basi muuheshimu mlango.

Hawakuuheshimu. Kipindi hichohicho, siku ya Pasaka, kundi la Wareno lilimfyatulia risasi akiwa kanisani kwenye misa, katika njama ambayo Afonso alimtaja padri mmoja kuwa kiongozi wake. Alinusurika. Alifariki 1542 hivi, na ugomvi wa kurithi kiti ukafuata, mpaka mjukuu wake Diogo akakikalia mwaka 1545. Wareno walikuwa na makundi yao katika ugomvi huo, kama walivyokuwa nayo katika kila uchaguzi wa mfalme uliofuata.

Mwaka 1575 Paulo Dias de Novais alitia nanga Luanda na kuanzisha koloni. Alifika mahali penyewe palipovuliwa nzimbu. Kuanzia hapo Ureno ilikuwa na bandari isiyohitaji idhini ya mwene Kongo, karibu na chanzo cha fedha yake, na kilomita nyingi kutoka kwa mkaguzi yeyote aliyemtuma.

Kanuni ya 1526 hata hivyo iliendelea kudaiwa. Desemba 1622 jeshi la gavana wa Luanda, João Correia de Sousa, likishirikiana na wapiganaji walioitwa Waimbangala, liliingia Mbamba, likashinda kwenye vita vya Mbumbi na kuwaua wakuu wengi. Waungwana wa Kongo waliotekwa walipakiwa kwenda Brazil. Mfalme Pedro wa Pili alijibu kwanza kwa vita, akawashinda Wareno Mbanda Kasi mapema mwaka uliofuata. Kisha akajibu kwa barua, kwenda Ureno na Roma, akidai watu wake kwa hoja ileile ya babu zake: hawa hawakuwa mateka halali, hawakuwa wa kuuzwa. Gavana aliondoka Luanda kwa aibu, na mamia ya watu hao walirudishwa kutoka Brazil.